Krimu yenye amonia, isiyo na amonia, hina au unga mweusi: ulinganisho kwa anayetia rangi nywele nyumbani

Katika maduka ya vipodozi ya Malindi na katika vichochoro vya Mkomani mjini Lamu, mtu anayetaka kuficha mvi hukuta vitu vinne vikiwa karibu karibu: boksi la krimu ya kawaida yenye amonia, boksi la krimu lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba halina amonia, pakiti ya hina, na vipakiti vidogo vya unga mweusi ambavyo wengi huviita hina nyeusi. Bei hazifanani na ahadi hazifanani, na muuzaji mara nyingi humwelekeza mteja kwenye boksi lisilo na amonia kwa maelezo kwamba hilo "halichomi wala halina madhara". Maelezo hayo yanachanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa, yaani mzio na kuungua, na mchanganyiko huo ndio unaowapeleka watu hospitali.

Ulinganisho huu unamhusu mtu anayetaka kufunika mvi au kuzifanya nywele ziwe nyeusi au za kahawia iliyokolea. Kuzichubua nywele nyeusi ziwe za dhahabu sikuliweka humu kwa makusudi, kwa sababu kazi hiyo hutumia unga wa kuchubua pamoja na peroksidi kali, nao mchanganyiko huo ukigusa ngozi ya kichwa kwa muda mrefu huweza kuacha kidonda kirefu na upara wa kudumu. Kazi hiyo ni ya saluni yenye fundi aliyeizoea.

Maswali ya kumwuliza kila mmoja kati ya wanne hawa ni manne. Je, kina kitu kinachosababisha mzio? Je, kinaweza kuunguza ngozi ya kichwa, na kwa njia gani? Mvi zitageuka rangi gani? Na kazi yenyewe inataka muda na maji kiasi gani? Maswali mawili ya mwanzo nimeyapa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyekosea rangi husubiri nywele ziote, lakini aliyekosea ngozi hulipa kwa mwili wake.

Kilichomo ndani

Krimu ya kudumu, iwe na amonia au isiwe nayo, hufanya kazi kwa hatua zile zile. Alkali huyainua magamba ya nje ya unywele, kisha peroksidi iliyo katika chupa ya pili, ile ambayo mafundi wa saluni huiita developa, hufifisha rangi ya asili na papo hapo kuziunganisha chembe ndogo za rangi zilizoingia ndani ya unywele, hadi zinakuwa kubwa na kushindwa kutoka. Chembe hizo ndogo, hasa katika rangi nyeusi na kahawia, mara nyingi ni parafenilinidiamini, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake PPD, au ndugu yake wa karibu, toluini-diamini.

Tofauti kati ya maboksi mawili iko kwenye ile alkali peke yake. Lenye amonia hutumia gesi iliyoyeyushwa, nayo hupaa wakati wa kupaka na ndiyo inayotoa harufu kali inayofanya macho yatoe machozi. Lisilo na amonia kwa kawaida hutumia ethanolamini, inayoandikwa pia MEA, ambayo haipai wala hainuki, bali hubaki juu ya nywele na ngozi mpaka ioshwe. Kwa hiyo ukosefu wa harufu si ukosefu wa alkali, na wala hausemi lolote kuhusu PPD.

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Haina peroksidi, haina alkali, na rangi yake ni moja tu, nyekundu ya machungwa inayokolea kuelekea kahawia. Unga mweusi ni kitu kingine kabisa: mara nyingi ni PPD kavu iliyochanganywa na kitu kinachotoa oksijeni baada ya kutiwa maji, na wakati mwingine na hina kidogo ili jina lipate kusimama. Unga huo huo hutumika pia kutengenezea piko ya kuchorea mikono na miguu ya maharusi.

Mzio: swali ambalo neno "amonia" halilijibu

Mzio wa PPD ni kazi ya kinga ya mwili, na si ya ukali wa dawa. Mwili ukishaitambua PPD kuwa adui, hauisahau, na kila inapoigusa ngozi tena majibu huja, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu. Huanza kwa kuwashwa nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele na paji la uso, kisha kope huvimba, ngozi hupata vipele vinavyotoa majimaji, na kwa baadhi ya watu uso mzima hufura hata macho yakafunga.

Ukizipima bidhaa zetu nne kwa swali hili, krimu yenye amonia na krimu isiyo na amonia zinasimama mahali pamoja, maana zote mbili huweza kuwa na PPD. Aliyedhurika na ya kwanza hana sababu ya kuamini kwamba ya pili itamhurumia. Hata boksi linalosema kwamba halina PPD linahitaji kusomwa, kwa kuwa wengi wenye mzio wa PPD hudhurika pia na toluini-diamini. Jina la kutafuta kwenye orodha ya viungo, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwa maandishi madogo pembeni mwa boksi, ni refu na humalizikia kwa herufi -diamine.

Unga mweusi ndio wenye hatari kubwa zaidi kwa upande huu, kwa sababu mara nyingi pakiti haisemi kiasi cha PPD kilichomo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika mchanganyiko unaopakwa nyweleni, na hauruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi kama urembo. Piko iliyotengenezwa kwa unga wa nywele huweza kuzidi kikomo hicho mara kadhaa, na hukaa juu ya ngozi kwa saa nyingi. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomwuliza mwanamke wa Pwani anayetaka kutia rangi si kuhusu nywele zake, bali ni hili: je, uliwahi kupakwa piko ikakuwasha, ikavimba, au ikaacha alama ya maua juu ya mkono baada ya rangi kutoka? Jibu likiwa ndiyo, basi krimu zote mbili na unga mweusi ziondolewe mezani, na asijipime mwenyewe nyumbani, kwani hata tone dogo huweza kuamsha majibu makali. Daktari wa ngozi ana kipimo chake, PPD ya asilimia 1 katika mafuta mazito, inayobandikwa mgongoni na kusomwa kwa siku kadhaa.

Hina halisi ina mzio wa nadra sana. Tahadhari yake moja nzito ni kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyopo katika familia nyingi za Pwani. Kwao, na hasa kwa watoto wachanga, hina iliyopakwa kwenye ngozi imewahi kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto asipakwe.

Jaribio la ngozi lifanywe vipi, na kalenda ihesabiwe vipi

Kila boksi la krimu huwa na karatasi ya maelekezo, na karatasi hiyo ndiyo ya kufuata, kwa sababu kampuni hazifanani: baadhi huagiza upake krimu ya rangi peke yake bila developa, nyingine huagiza uchanganye matone machache ya zote mbili. Kilicho sawa kwa wote ni mahali na muda. Osha kwa sabuni sehemu ndogo nyuma ya sikio au kwenye kunjo la ndani la kiwiko, ikauke, upake tabaka jembamba lenye upana wa sarafu ya shilingi, uliache kwa muda ulioandikwa, kisha uangalie kwa saa 48. Tyubu iliyofunguliwa ifungwe barabara, na usichanganye iliyobaki na developa ili kuihifadhi, kwani mchanganyiko hutoa gesi na chupa iliyofungwa huweza kupasuka.

Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama wekundu. Mahali hapo huwa peusi zaidi au pa zambarau kidogo, na ukipitisha ncha ya kidole unahisi ngozi imekuwa na chembechembe kama mchanga, au imeinuka na ina joto. Kuwashwa peke yake, hata kama jicho halioni kitu, kunatosha kuhesabiwa kuwa jibu.

Chukua mfano wa shangazi wa bibi harusi huko Malindi. Harusi ni Ijumaa, naye amezoea kutia rangi usiku wa kuamkia Alhamisi ili mvi zisionekane mizizini. Alipomwuliza mpwa wake kama siku mbili za jaribio zinatosha, yule alimjibu, "Shangazi, hata ukijipima Jumatatu, ukapaka Jumatano, mwili ukikataa utakuvimbia Ijumaa mbele ya wageni." Hesabu ya mpwa ni sahihi, kwa sababu jaribio safi hupunguza hatari bila kuimaliza, na majibu ya rangi yenyewe huchelewa kama yanavyochelewa majibu ya jaribio. Kalenda bora ni kurudisha kila kitu nyuma kwa wiki moja: jaribio lipakwe Jumanne ya wiki iliyotangulia baada ya alasiri, lisomwe Jumatano, Alhamisi na tena Ijumaa, rangi ipakwe Ijumaa hiyo jioni, na zibaki siku saba kabla ya harusi. Mizizi ya siku saba haionekani chini ya mtandio.

Kwa mtu anayeishi Faza au Kizingitini, ninaongeza jambo moja. Uso ukivimba usiku, safari ya kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni ya boti, kwa hiyo rangi ipakwe asubuhi, siku ambayo bahari imetulia na kuna mtu mwingine nyumbani.

Jaribio lirudiwe kila mara, hata kwa boksi lile lile lililotumika miaka kumi, maana mzio hujengeka taratibu na viungo hubadilishwa bila jina la boksi kubadilika. Unga mweusi nao hupimwa vivyo hivyo, ila pakiti isiyo na maelekezo wala orodha ya viungo hainipi msingi wowote wa kukuambia ulipime kwa kiasi gani, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuiacha dukani.

Kuungua ngozi ya kichwa

Kuungua hakusubiri siku mbili. Huja ndani ya dakika, na kunaweza kumpata mtu yeyote, awe na mzio au asiwe nao. Kinachounguza ni alkali na peroksidi juu ya ngozi ambayo tayari ina mlango: mkwaruzo wa kitana, kidonda cha kujikuna, ngozi iliyovutwa na misuko, au ngozi iliyolainishwa na dawa ya kunyoosha nywele.

Hapa ndipo krimu mbili zinapoachana kidogo. Yenye amonia hutangaza ukali wake mapema kwa harufu, machozi na msisimko, kwa hiyo mtu huamka na kuiosha. Isiyo na amonia ni ya upole zaidi kwa pua na kifua, jambo la maana kwa mwenye pumu anayepaka katika choo kisicho na dirisha, lakini upole huo humfanya mtu aiache kichwani kupita kiasi, nayo ethanolamini haipai. Nimeona watu wakifunga kichwa kwa mfuko wa plastiki, wakaketi uani juani "ili ikolee", kwa sababu tu haiwaumi. Joto huharakisha peroksidi, na kwa hali ya hewa yetu hakuna haja ya kuiongezea: kaa kivulini, kichwa kiwe wazi, na uheshimu dakika za karatasi, ambazo kwa krimu nyingi ni kati ya 30 na 45.

Nguvu ya developa nayo ina uzito kuliko neno lililo juu ya boksi. Kwa kufunika mvi, peroksidi ya asilimia 6 inatosha. Ya asilimia 9 na 12 ni za kufifisha rangi, na hazina kazi kwenye kichwa kinachotiwa weusi. Anayenunua krimu na developa kwa chupa tofauti ahakikishe namba hiyo kabla ya kulipa.

Maandalizi mengine ni ya kujizuia zaidi kuliko ya kufanya. Usioshe nywele siku ile, kwa kuwa mafuta ya asili ni ngao ya ngozi. Ukifumua misuko, subiri siku mbili tatu mpaka uchungu wa mizizi uishe. Ukitumia dawa ya kunyoosha, ziache zipite wiki mbili angalau. Paka vaselini kwenye mpaka wa nywele na juu ya masikio, vaa glavu, tumia bakuli la plastiki badala ya la chuma, na usipake nyusi wala kope kwa bidhaa yoyote kati ya hizi, maana jicho linaweza kupofuka.

Na maji yawepo kabla ya kuchanganya. Mtaa ambao mfereji hukatika bila taarifa, ndoo tatu zilizojaa ziwe tayari kando. Msisimko mdogo ulioenea kichwa kizima ni wa kawaida. Mahali pamoja panapowaka kama pamemwagiwa pilipili, na ambapo panazidi kila dakika, si kawaida, na hapo huulizi saa. Osha kwa maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama rangi haijashika na itatoka mabaka. Usipake mafuta ya nazi, dawa ya meno wala asali juu ya ngozi iliyoungua. Malengelenge, ngozi inayotoka au maumivu yasiyopungua ni ya kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kope au midomo inayovimba, au pumzi inayobana, ni dharura.

Hina halisi haiunguzi. Hatari yake ni ya kuazima: pakiti zilizotiwa chumvi za madini ili zitoe rangi nyingi, zikikutana baadaye na krimu yenye peroksidi, huweza kuchemka juu ya kichwa na kuzikata nywele. Kama umekuwa ukitumia hina usiyoijua asili yake na sasa unataka krimu, kata ushungi mdogo wa nywele kisogoni, uuzamishe ndani ya krimu iliyochanganywa katika kikombe cha plastiki kwa nusu saa. Kikombe kikipata joto, kikitoa povu, au nywele zikawa laini kama utomvu, krimu isiguse kichwa chako.

Mvi, muda na maji

Kwa mvi, krimu yenye amonia ndiyo inayoshika kwa uhakika zaidi, hasa mvi ngumu za kipajini, na pia ndiyo inayoweza kuzipandisha nywele nyeusi kuwa kahawia inayoonekana. Isiyo na amonia hufunika mvi vizuri kwa weusi na kahawia nzito, lakini huwa dhaifu katika kufifisha. Zote mbili humaliza kazi ndani ya saa moja na nusu.

Hina huzigeuza mvi kuwa za shaba inayowaka, na haitazifanya nyeusi kamwe peke yake. Anayeuza hina ya kuzifanya nywele nyeusi kwa nusu saa anauza kitu kingine. Jaribu kijiko kimoja kwenye kitambaa cheupe: hina halisi ina harufu ya majani makavu, unga wake ni wa kijani au kahawia, na huacha doa la machungwa. Huchanganywa kwa maji na ndimu kidogo, huachwa saa chache itoe rangi, kisha hukaa kichwani saa tatu au nne, na kuiosha hula maji kuliko krimu zote. Kwa weusi hufuatishwa na unga wa nili siku hiyo hiyo au kesho yake, nao hupakwa mara tu unapochanganywa. Unga mweusi, kwa haki, ni wa haraka na wa bei ndogo kuliko wote, na weusi wake ni mkavu kama wa wino.

Nani achague nini

Mwenye mvi nyingi ngumu, ngozi isiyo na historia ya mzio, na chumba chenye hewa, atahudumiwa vizuri na krimu yenye amonia na developa ya asilimia 6. Mwenye pumu, au anayekereka na harufu na anataka weusi tu, achague isiyo na amonia, akijua kwamba jaribio la ngozi linamhusu sawasawa na mwenzake na kwamba dakika zake lazima zihesabiwe kwa saa.

Aliyewahi kuwashwa na piko au na rangi yoyote abaki kwenye hina halisi, na akitaka weusi afuatishe na nili safi yenye viungo vilivyoandikwa, baada ya kuijaribu nayo nyuma ya sikio. Kwa mwenye nywele zilizonyooshwa kwa dawa mwezi huu, swali la kwanza ni lini, si ipi: asubiri wiki mbili, kisha aanze na jaribio.

Aliye chini ya miaka 16 asitumie krimu wala unga mweusi. Na anayeuhitaji unga mweusi kwa ajili ya bei yake, anunue ule wenye orodha ya viungo na maelekezo, aupime saa 48 kabla, asiuongeze kiasi ili ukolee, na auweke mahali pa juu penye kufungwa, kwa kuwa PPD ikimezwa na mtoto hufura koo na kuharibu figo.